Moshi wa Kinu Ukutani Kwangu

Mwaka ule wa amani, vita vya Sudan vilipokwisha, nilipotoka Kenya kwenda Juba kufundisha, nyumba zilikuwa adimu kama mvua ya Januari. Nilipata vyumba viwili mtaa wa Atlabara, nikatia saini mkataba wa mwaka mzima bila kuuliza nani anaishi ng'ambo ya ukuta.

Alikuwa Mganda mwenye kinu cha kusagia mahindi. Injini yake ya dizeli ilianza kunguruma alfajiri, ikanyamaza watu wakishalala. Bomba la moshi lilitazama dirisha langu. Nikifunga, joto linanipika. Nikifungua, masizi yanatua kwenye chakula. Nina pumu. Nililala nimejifunika kanga iliyoloweshwa maji, nikihesabu pumzi zangu.

Nilimwendea kwa upole.

"Mzee, naomba ugeuze tu hilo bomba."

"Mama, mimi iko hapa kabla ya wewe. Wewe ndiyo ulikuja, ukakuta kinu."

Nikatafuta nyumba nyingine hadi viatu vikaisha soli. Hakuna. Nikamshtaki.

Hakimu alitusikiliza, kisha akasema hatoamua kabla ya kuona. Akaja mwenyewe. Alisimama chumbani kwangu injini ikiwaka, akapitisha kidole kwenye kitanda, kikatoka cheusi. Akatoka nje, akawatazama wanawake waliopanga foleni na makarai ya mahindi.

Kwenye hukumu alianza na mimi.

"Mama, pumu yako siwezi kuifanya kipimo. Kipimo ni mtu wa kawaida, katika mtaa kama huu. Mji huu hauna umeme, jenereta zinalia kila ua. Mwenye kukaa hapa lazima avumilie kelele za kiasi."

Nilihisi kuta za mahakama zikinisogelea. Mganda akatabasamu.

"Lakini wewe," hakimu akamgeukia, "kutangulia hakukupi haki ya kumfukizia jirani moshi ndani. Hata mwenye mapafu ya ng'ombe asingevumilia kile nilichokiona. Na kinu kinasaga vilevile bomba likielekezwa juu."

"Mheshimiwa, unafunga kazi yangu?"

"Sifungi. Mtaa unakula kwa kinu hicho, na mimi nimelipima hilo pia. Bomba lipande juu ya paa, upande wa barabara. Na usiwashe injini kabla jua halijachomoza wala baada ya kuzama."

Fundi alilipandisha bomba wiki ileile. Jirani hakunisalimu tena; mkewe alinipa unga mara moja, kimya kimya, juu ya ukuta.

Usiku nilianza kulala. Lakini mchana, nikisahihisha madaftari, meza ilitetemeka mpaka kalamu ikaandika mawimbi. Awali niliweza kulalamika. Sasa mngurumo ule ulikuwa halali, umepimwa na kuruhusiwa, na mkataba wangu ulikuwa bado haujafika nusu. Nikafungua dirisha, nikaendelea kusahihisha.