Kibandiko cha Mgongoni mwa Friza la Siwema

Eti Siwema ana mkosi. Ndivyo wanavyosema hapa mtaani Magomeni, na mimi nikisikia damu inachemka. Mkosi gani? Kosa la Siwema ni usafi, basi.

Siwema ni mjane kutoka Kilindi, mpangaji mwenzangu, milango yetu inatazamana. Miaka nenda miaka rudi alikaanga mihogo kwa mkaa pale barazani, mpaka kifua kikaharibika. Daktari akamwambia, mama, moshi basi, ukirudi kwenye jiko utajiua mwenyewe. Akauza cherehani na kitanda alichoachiwa na marehemu, akanunua friza Kariakoo, akaanza kuuza barafu za ukwaju na maji ya baridi. Jamani, yule mwanamke alinawiri! Kikohozi kikakata, hata sisi majirani tukalala.

Haukwisha mwaka, friza likagoma. Linaguna kidogo, linazima, baridi hamna. Fundi Mudi akalipima, akasema kompresa imekufa.

"Ila mama, waranti si bado ipo?" akauliza. "Warudishie wenyewe, watakuwekea nyingine bure."

Mudi akaipiga picha ile kompresa kwa simu ya Siwema, tukashika njia ya Kariakoo.

Dukani anayepokea madai ni binti mmoja, Violeth. Akatuamkia vizuri, akaichukua kadi ya waranti, akaitazama mbele na nyuma.

"Mama, hapa wameandika modeli tu. Namba ya friza hawakujaza."

"Hawakujaza akina nani?" nikadakia. "Si nyie?"

"Ni sisi, dada. Samahani. Lakini nikipata picha ya kibandiko cha friza, nitasoma humo."

Akatugeuzia kompyuta tuone. Visanduku vinne: volti, wati, modeli, namba ya friza. Modeli inafanana kwa mafriza yote ya aina ile, akatueleza, ila namba ni ya friza moja tu duniani. Ikiingia, mfumo unaonyesha waliliuza lini, na kompresa mpya inatolewa stoo.

Siwema akatoa simu kwa madaha. Violeth akaikuza picha kwa vidole.

"Volti ipo, 220 hadi 240. Wati siioni. Na hii namba ni ya kompresa, mama, siyo ya friza. Kompresa ina kibandiko chake. Mimi nataka kile cha friza lenyewe, kiko mgongoni, upande wa juu."

Siwema akaichukua simu yake.

"Mgongoni pamepakwa rangi," akasema.

Ndiyo, na aliyepaka ni yeye mwenyewe. Kutu ilianza kumea nyuma, si unajua hewa ya mji huu, naye akachukua rangi ya buluu iliyobaki mlangoni akalipaka lote, kibandiko na kila kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba yale maandishi madogo ndiyo roho ya friza.

Tukarudi mbio. Mudi akalowesha pamba kwenye thina, akawa anafuta rangi taratibu huku kabana pumzi. Volti ikatokea. Wati zikatokea, 120. Modeli ikatokea yote. Siwema akaanza kunong'ona alhamdulillahi. Mudi akashuka mstari wa namba, rangi ikatoka, na wino ukatoka nayo. Akaacha papo hapo, lakini ng'o! Mwanzo wa namba ulisomeka, mwisho ulibaki bati jeupe. Zile tarakimu zilihamia kwenye pamba, doa jeusi lisilosomeka.

Tukakipiga picha kile kibandiko, tukampelekea Violeth. Akaikuza, akaipunguza, akaongeza mwanga, akamwita mwenzake naye aangalie. Akajaza volti. Akajaza wati. Akajaza modeli. Kwenye namba akaandika zilizoonekana, mfumo ukakataa, kisanduku kikawa chekundu.

"Binti, malizia tu zozote!" nikamwambia. "Nani atajua?"

"Dada, nikibuni naweza kuangukia friza la mtu mwingine. Au lisilokuwepo kabisa. Halafu mama ataonekana tapeli."

"Kwani hamuoni modeli ni ileile? Hamuoni sura ya huyu mama?"

"Naona," akasema Violeth, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Sura haina kisanduku."

Nilitaka kumtukana nikashindwa. Angekuwa jeuri ningepata pa kutolea hasira. Akaandika karatasi ya kupeleka kwa wakubwa, wakubwa wakajibu kabla hatujaondoka: taarifa pungufu, dai limefungwa.

Akatuuliza taratibu, "Rangi alipaka nani, mama?"

"Mimi," Siwema akajibu. "Nilikuwa nalitunza."

Tulipofika nyumbani, Siwema akavua ushungi, akaufunga kiunoni, akaniita.

"Ummy, njoo unisaidie kulisogeza hili friza. Linanizibia pa kuweka magunia ya mkaa."