Slaidi za Mbolea ya Kukuzia

Mwalimu Conjesta alikuwa na ulimi wa kukwangua sufuria, na siku ile pale chuo cha kilimo Njombe uliangukia slaidi za Vitus. Vitus alifundisha kwa muda katika tawi la Makambako. Mkuu wa chuo, Mama Tabea, alikuwa amempa kazi: achukue mhadhara wa Conjesta kuhusu mbolea, uliorekodiwa kwa simu na kugeuzwa maandishi na programu, autengenezee slaidi za wanafunzi wa tawi.

"Hizi ni slaidi au ni gazeti?" Conjesta aliuliza ukumbi mzima wa walimu. Kweli, Vitus alikuwa amemwaga mhadhara wote ukutani, herufi ndogo kama ulezi, hata "eeh" na "fungeni hilo dirisha" zimo. Hakuna sehemu, hakuna istilahi, na kwenye mfano wa hesabu alikuwa ameandika: 120 × 46 ÷ 100 = kilo 55 za urea kwa hekta.

"Kilo hamsini na tano!" Conjesta alicheka mpaka akashika mbavu. "Mahindi ya watu wa Makambako yatakuwa ya njano kama ndizi kwa njaa ya mbolea. Mama, mtu huyu asifundishe muhula ujao."

Vitus alijikunyata ndani ya koti lake. Kibarua hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe.

"Kamwene, mwalimu, hebu tulia," Mama Tabea alisema, akianza na salamu ya Kibena ili kumpoza. "Zitengeneze mwenyewe, kutoka maandishi yale yale. Ikionekana kwamba yeye ndiye aliyeharibu somo lako, mkataba wake hautaendelea."

Conjesta akaenda ofisini na kikombe cha chai, roho kwatu. Ingekuwa kazi ya kupuliza tu.

Alianza kwa kufuta kelele. Akatoa kikohozi, akatoa madirisha, akatoa karipio lake kwa mwanafunzi aliyechelewa, na karipio hilo lilikuwa refu kuliko maelezo ya naitrojeni. Kilichobaki akakigawa sehemu nne: kwa nini naitrojeni, namna ya kusoma mfuko, hesabu, na wakati wa kuweka. Slaidi moja wazo moja, maneno machache. Alijisifu kimoyomoyo.

Kisha akafika kwenye istilahi. Ile namba 46 ya kwenye mfuko wa urea, alitaka maana yake kwa sentensi moja. Akaitafuta kwenye maandishi. Hakuna. Akatafuta neno "asilimia", likajitokeza mara moja tu: "Chukueni mia na ishirini, na hiyo arobaini na sita, mnafanya asilimia, mnapata. Hesabu za shule ya msingi hizo, tusipotezeane muda."

Hii mashine imekula maneno yangu, alijiambia, na akafungua rekodi yenyewe. Sauti ilikuwa yake, safi, na ile dharau yake ilisikika vizuri kabisa. Mashine haikula hata neno. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amewekewa lake masikioni kwa spika.

Chai ilipoa. Alikasirika, kwanza na programu, halafu na Vitus, na mwisho, kwa shingo upande, na mtu aliyestahili. Akaandika slaidi ya istilahi: kila kilo mia za urea zina kilo arobaini na sita za naitrojeni. Akaandika mfano hatua kwa hatua: tunahitaji kilo 120 za naitrojeni kwa hekta; 120 ÷ 46 × 100 = kilo 261 za urea. Hakiki: 261 × 46 ÷ 100, jibu ni 120. Mtoto angeelewa.

Kesho yake projekta ikawashwa. Mama Tabea alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kumbe somo lilikuwa wazi hivi! Basi Vitus ndiye aliyelivuruga."

Vitus aliangalia viatu vyake. Conjesta alihitaji tu kunyamaza, na kitumbua cha mwenzake kingeingia mchanga bila yeye kufungua mdomo. Kwa nini asinyamaze? Mtu mwenyewe hajui hata kupanga slaidi!

"Hajui kupanga slaidi," alisema, akiuma maneno. "Hilo nalirudia. Lakini hiyo slaidi ya istilahi na hizo hatua haziko kwenye rekodi. Nimeziongeza jana. Darasani nilisema 'fanyeni asilimia', basi. Na yeye alifanya asilimia."

Walimu wakakohoa. Mama Tabea akasema mkataba wa Vitus utaendelea, akageukia shughuli nyingine.

Conjesta alisubiri shukrani. Alikuwa tayari hata kuikataa kwa madaha. Vitus akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono.

"Naomba hizo slaidi, Mwalimu. Wanafunzi nilishawapa zile kilo hamsini na tano; Jumatatu inabidi niwafundishe upya."

Akachukua fleshi, akafunga zipu ya koti, akaenda zake stendi.