Kinyomoro kwenye Gauni Jeupe

Asubuhi tuliyomzika mama, mama mdogo alifika kutoka Goma na beseni kichwani. Ndani mlikuwa na ibinyomoro, yale matunda mekundu yaliyombakia sokoni, na juu yake gauni jeupe la pamba ambalo fundi alikuwa amemshonea mama avae kaburini. Kwenye foleni ya Petite Barrière, pale mpakani, watu walisukumana, tunda moja likapasuka. Alipolifunua gauni tulikuta doa jekundu kifuani, bado bichi.

Gari la kwenda hospitali kumvika mama lilikuwa linangoja. Nguo nyingine nyeupe hatukuwa nayo.

Mama mdogo alijaribu utani. Alisema dada yake angefika mbinguni wamuulize kama alikuwa anauza jamu. Hakuna aliyecheka. Mimi ambaye hucheka hata peke yangu, nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi, ila ganzi ilikuwa mwili mzima. Nilichukua sabuni ya mche.

Bibi, tunayemwita Koko, alinishika kifundo cha mkono.

"Acha sabuni. Itageuka buluu, na haitoki tena. Na usisugue, unaisukuma ndani."

Alinionyesha. Kwanza ncha ya kijiko, kuokota nyama ya tunda kutoka ukingoni kuelekea katikati, doa lisipanuke. Kisha kitambaa kikavu, kugandamiza na kuinua. Halafu akaligeuza gauni ndani nje, nikamimina maji baridi kwa nyuma ya doa, ili rangi irudi ilikoingilia. Maji yalianguka mekundu, kisha ya waridi. Akakamua limau, tukaacha doa lilinywe. Nilitazama mikono yangu ikifanya kazi kama ya jirani.

Dereva akapiga honi. Doa lilikuwa limebaki kama kivuli. Mama mdogo alishaweka makaa kwenye pasi, akasema tupige tu, nani ataona?

"Moto ukipita hapo, itakaa milele," Koko alisema. "Mi sitamuzika mutoto wangu na kitu ya milele."

Nilitoka mwenyewe kumwomba dereva angoje. Nikarudi, tukaweka limau tena, tukasubiri, tukasuuza sana, maana limau likibaki kwenye nguo pasi inaliunguza kuwa kahawia. Koko alilinyanyua gauni dirishani, mwanga ukapita ndani yake. Akalizungusha. Akaweka pua, limau halikunuka tena. Jeupe.

"Piga sasa," akaniambia. "Anza na kola."

Nilipiga pasi likiwa na unyevu bado, mvuke ukinipanda usoni. Sikulia. Niliifuata mishono ya fundi, nikapita kifuani polepole, mara moja tu. Kisha nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikalikunja, nikampa mama mdogo apeleke garini. Safari hii alilibeba mikononi.