Mwalimu Alipoweka Chaki Chini

Wiki jana binti yangu alikuja kutoka chuoni, akatupa begi kwenye kochi, na kabla hata chai haijachemka akaniuliza, "Mathe, nyinyi mkisoma sekondari mlikuwa mnafundishwa na lugha gani?"

Anasomea ualimu wa bayolojia. Wamepewa insha ya hoja: je, sekondari na vyuo vikuu vifundishe kwa Kiswahili au viendelee na Kiingereza? Ni lazima achague upande mmoja na kuutetea. Na kwake si swali la kujaza karatasi tu, maana muhula ujao anatumwa shuleni kufundisha kwa mara ya kwanza, na alikiri kwangu kwamba hajui atasimama mbele ya watoto na lugha gani mdomoni.

Mimi nilikuwa na kisu mkononi, namenya viazi. Nikakiangalia kile kiazi, nikaanza kucheka peke yangu. Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia akae chini.

Sasa na wewe kaa, nikusimulie kama nilivyomsimulia. Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili tu, kwa hivyo ukiona nimekosea jambo la wasomi, nisamehe. Haya ninayoandika ni yale niliyoyaona.

Nililelewa na nyanya yangu huko Subukia, upande ule wa mashamba ya kahawa. Asubuhi kabla ya shule nilipeleka mkebe wa maziwa kwenye kituo, soksi zikilowa umande mpaka zinateleza ndani ya viatu. Wakati wa kahawa, bonde zima lilinuka maganda yaliyoanza kuchacha, harufu fulani tamu na kali ambayo siku hizi nikiipata mahali nasimama. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, paa la mabati, na mvua ikinyesha mwalimu alikaa tu akatuangalia, sisi tukamwangalia, mpaka ipite.

Kila somo lilikuwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Ndivyo vitabu vilivyoandikwa, ndivyo mtihani wa mwisho ulivyotungwa. Sisi tulikuwa hodari wa kukariri. Mpaka leo ukiniamsha naweza kukupigia ile maana ya osmosisi kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama wimbo wa kanisani. Lakini wakati ule nilikuwa naimba tu. Sikujua wimbo unahusu nini.

Aliyenijulisha ni mwalimu wa bayolojia. Alikuwa mtu mfupi, sweta lake limetoboka kiwikoni, na alikuwa na desturi moja. Zikibaki kama dakika kumi kipindi kiishe, alifunga mlango, akaiweka chaki chini kwenye ukingo wa ubao, ta! Akasema, "Haya, sasa tuongee." Akarudia somo lote kwa Kiswahili.

Siku ya osmosisi alikuja na viazi viwili, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa. Alivichimba shimo katikati, akatia chumvi kila shimo, akaviweka kwenye visahani vya maji dirishani. Alisema kesho tutaona kile kibichi kimevuta maji mpaka shimo limejaa, na kile kilichochemshwa kimekaa tu, kwa sababu moto umeua zile ngozi ndogo zinazochuja maji ndani yake. Kesho yake tulikuta kibichi kimejaa kweli. Kile kilichochemshwa hakikuwepo.

"Nani amekula jaribio langu?" mwalimu akauliza.

Halafu sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, hata chumvi ilikuwa sawa."

Tulicheka hadi mwalimu mwenyewe akalazimika kushika meza asianguke. Zile ngozi zinazochuja zilimpa taabu sana kuzitaja kwa Kiswahili. Alijaribu "utando", akajaribu "chujio", mwishowe akasema ni ukuta wenye milango midogo, maji yanapita, chumvi inazuiwa kama mlevi kwenye lango la harusi. Haikuwa kwenye kitabu chochote. Lakini siku hiyo ndiyo niliyoenda nyumbani nikamweleza nyanya kwa nini kabichi ikitiwa chumvi hutoa maji, na nikajiona mtu.

Basi siku moja afisa wa elimu akapita nje ya darasa, akasikia Kiswahili kwenye kipindi cha bayolojia. Sijui alimwambia nini mwalimu mkuu, ila jioni hiyo tulitangaziwa kwamba dakika zile zimekwisha. Mwalimu wetu hakugombana. Aliomba jambo moja: Ijumaa ilikuwa siku yetu ya mdahalo, basi tujadili swali hilo mbele ya shule yote, na mwalimu mkuu asikilize kabla ya kuamua. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya, akasema, "Sawa. Nishawishini."

Tulichaguliwa kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia. Mimi nikaokota karatasi ya upande wa Kiingereza.

Hebu fikiria. Mimi ambaye bila zile dakika nilikuwa gogo, ndiye niliyetakiwa kusimama kuzipinga. Nikisema vizuri, najikatia mwenyewe. Nikisema vibaya kwa makusudi, nimedanganya shule nzima. Nilimweleza nyanya tukichambua maharagwe. Hakuinua hata macho. "Wewe sema kweli ya hiyo upande yako," alisema. "Ile ingine wako nayo wenyewe."

Ijumaa pia ilikuwa siku ya kuongea Kiswahili shuleni, kwa hivyo ilibidi nitetee Kiingereza kwa Kiswahili. Walinicheka kwanza. Lakini nilisema kweli yangu. Nilisema mtihani unatungwa kwa Kiingereza, na anayejifunza kwa lugha moja akajibu kwa nyingine anabeba kazi mara mbili. Nilisema wenzetu wa Tanzania wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili halafu wanakutana na Kiingereza sekondari kama ukuta, na wengi wanaumia pale. Nikauliza: nani ataviandika vitabu vya udaktari na vya uinjinia, na walimu waliosomea kwa Kiingereza watayatoa wapi maneno? Wetu tu alikuwa anayatafuta kwenye lango la harusi! Hapo nilipigiwa makofi, na moyo wangu ukashuka, maana niliona uso wa mwalimu.

Upande wa pili alisimama kijana wa familia ya Kiislamu ya mjini, baba yake ana duka, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Akasema, "Dada yangu amesema vyema, lakini atuambie hayo makofi ameyapata kwa lugha gani." Ukumbi ukalipuka. Akaendelea kwamba lugha haipati maneno ikikaa imekunja mikono, inayapata ikitumwa kazi. Kwamba vyuo vikuu tayari vina watu wanaoandika tasnifu nzima kwa Kiswahili katika idara za lugha hiyo, kwa hivyo asiseme mtu kuwa haiwezekani. Na kwamba mtihani umetungwa na watu, unaweza kutungwa upya na watu. "Kwanza mtoto aelewe," alisema. "Kukariri hata kasuku anakariri."

Nilikuwa nampigia makofi chini ya meza.

Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwingine wa kusema. Hapo akainuka msichana, jirani yangu wa dawati. Alikuwa ametoka Baringo mwaka huo, kwao wanaongea Kitugen, na tangu aje nilikuwa sijamsikia akisema maneno yanayozidi salamu.

"Mimi," alisema, akatafuta neno. Akaanza tena. "Hiyo dakika kumi, nyinyi mnacheka. Mimi sijui mnacheka nini."

Akainua vidole viwili, akashika cha kwanza.

"Kizungu, tunakosa wote. Kiswahili, nakosa mimi peke yangu."

Yule kijana wa mjini aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekaa naye dawati moja muhula mzima nikidhani Kiswahili ni cha kila mtu kama maji ya mvua.

Mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole, "Sasa mama, wewe unataka ipi?"

"Ile yoyote," alisema. "Lakini aseme polepole. Na alete ile kiazi."

Hata afisa wa elimu angecheka. Kura haikupigwa. Mwalimu mkuu alisimama akakuna kidevu, akasema dakika kumi zitarudi, ila si mwalimu atakayeongea. Wanafunzi ndio watakaoelezana, kwa lugha yoyote inayomfikia mwenzako, kitu chenyewe kikiwa mezani. Mwalimu asikilize arekebishe, na mwisho aandike ubaoni sentensi moja ya Kiingereza, ile ambayo mtihani utaidai.

Ndivyo tulivyofanya. Mimi nilimweleza jirani yangu kwa Kiswahili cha polepole na mikono mingi. Yeye alinirudishia kwa Kitugen kidogo na Kiingereza cha kitabu, ambacho, kusema kweli, alikuwa akikijua kunishinda. Aliponikosoa mara ya kwanza alicheka, na nikagundua ana mwanya.

Binti yangu alisikiliza yote. "Sasa mathe, upande ni gani? Lazima nichague."

Nilimwambia ninavyoona, na huenda nakosea. Kama ningeshika kalamu yake ningechagua Kiswahili, kwa sababu nimeishi na vitu viwili kichwani miaka hii yote, wimbo na kabichi, na ni kabichi iliyonisaidia. Lakini ningeanza na mtihani na vitabu, si na mwalimu. Ukimwambia mwalimu abadilishe lugha na mtihani ubaki ulipo, umemwonea yeye na watoto. Chuo kikuu kifuate baadaye, vitabu vikishakuwepo, na Kiingereza kiendelee kufundishwa vizuri kama somo, maana bado kinafungua milango. Na nisingeandika hata mstari mmoja bila kumtaja yule msichana wa Baringo.

"Hiyo itaniharibia hoja," alisema.

"Basi iharibike kidogo."

Akacheka, akafungua laptopu. Insha yenyewe, nikuambie, inaandikwa kwa Kiingereza.

Nasikia lile darasa limebomolewa, pamejengwa maabara ya vigae. Mwalimu wetu alistaafu zamani. Nyanya hayupo, na kituo cha maziwa kimehamia barabarani. Kinachonijia si majengo hayo lakini. Ni ile sauti ya chaki ikitua, ta, na vile mabega yetu yote yalivyoshuka kwa pamoja, kama watu waliovua viatu.

Jioni hiyo nilichukua kiazi kibichi kimoja kati ya vile nilivyokuwa namenya, nikakichimba, nikatia chumvi, nikakiweka dirishani kwenye kisahani cha maji. Binti yangu hakuuliza. Asubuhi nilimkuta ameinama juu yake, kikombe cha chai mkononi, shimo limejaa hadi ukingoni.

"Haya," nikamwambia, "sasa tuongee."