Kwa Nini Nilishikilia Moteri Ndogo

Mwaka ule wa vita, moteri ya pompe ya maji ya mji wa Baraka iliungua, na mpaka leo kuna watu wanaosema iliungua kwa sababu ilikuwa ndogo. Ni uongo. Iliungua kwa sababu ya ujinga, na mwenye ujinga ule alikuwa amevaa koti.

Nieleze kwanza nilikuwa nani. Bwana yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa pompe. Tulisoma darasa moja, shule ya ufundi, section ya umeme, mimi msichana peke yangu. Alikuwa ananakili mazoezi yangu. Tulipomaliza, kazi wakampa yeye, mimi wakanipa mimba, ndivyo nilivyokuwa nikisema nyumbani na yeye alicheka. Halafu watu wa silaha walipita, wakamchukua abebe masanduku yao kupanda milima. Hakurudi. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nilibaki na mtoto wa kike wa miaka mitatu na mwingine wa mgongoni.

Ufunguo wa nyumba ya pompe aliuchukua rais wa kamati ya maji. Mimi sikuulizwa.

Pompe ile ilikuwa inavuta maji kwenye kisima karibu na ziwa na kuyapandisha kwenye tangi la kilimani, nyuma ya hospitali. Moteri yake ilikuwa ya kilowati tano na nusu. Umeme ulitoka kwenye groupe, mashini ya kuzalisha umeme kwa mazutu, ya kVA ishirini, iliyokuwa nje chini ya mabati. Kazi hiyo, kwa mlima ule na bomba lile, inataka kama kilowati tano. Kwa hiyo moteri ilitosha na kubakiza kidogo. Nani aliyepiga hesabu hiyo sijui, lakini alijua kazi yake.

Halafu askari wa kizuizi cha barabarani walitoboa bomba ili wapate maji ya kuoga. Watu wanafikiri tundu linaipunguzia pompe kazi. Ni kinyume. Pompe ya namna ile ikikosa mlima wa kupanda inatupa maji mengi, na maji mengi ndiyo mzigo wenyewe. Ampea zikapanda. Relé, ile ya kuzima moteri inapobeba kupita nguvu yake, ikawa inakata kila nusu saa, kama ilivyotengenezwa kufanya. Rais wa kamati akachoka kutembea kuiwasha. Akachukua tournevis, bisibisi, akageuza kitufe cha relé kutoka ampea kumi na moja na nusu mpaka kumi na nane. Relé ikanyamaza. Siku ya tatu moteri ikatoa moshi.

Baada ya wiki moja kipindupindu kikaingia. Na njia ya ziwani ilikuwa imefungwa. Kule pwani walikuwa wanapiga risasi yeyote anayeonekana na ndoo, wanasema ni mpelelezi. Bamama walikuwa wanachota kwenye mashimo ya mabondeni. Mtoto wangu wa miaka mitatu alianza kuhara na kutapika asubuhi, na saa sita macho yalikuwa yameingia ndani.

Pale kwenye hema la hospitali muganga, mwanamke mnene wa Nundu ambaye hakuwa amelala siku nyingi, alinionyesha katoni la vifurushi vya chumvi ya kuchanganya na maji na kuwanywesha wagonjwa.

"Mama, dawa iko. Angalia, imejaa. Maji ndiyo haiko. Haya tunayo mpaka kesho asubuhi, na yenyewe nachujia kwenye kitenge. Kisha hapo niwape nini, unga?"

Ndiyo maana nilimwacha mgonjwa kwa muganga, nikaenda kwenye nyumba ya pompe na yule mdogo mgongoni. Sikwenda kwa ushujaa. Sikuwa nahisi kitu chochote. Ilikuwa kama mtu mwingine anatembea na mimi namtazama miguu.

Nikawakuta rais wa kamati na mufundi wa kinu cha mihogo wameshinda pale tangu jana. Walikuwa wametoa moteri ya kinuni, kilowati kumi na moja, jitu la chuma, wamelikalisha juu ya mbao na mufundi amechonga upya kipande cha kuliunganisha na pompe. Pembeni, kwenye gunia, kulikuwa na moteri nyingine, ndugu ya ile iliyoungua, kilowati tano na nusu, iliyosukwa waya upya Uvira kabla barabara haijakatika. Hakuna aliyeigusa.

"Kwa nini hamtumii hii?" nikauliza.

"Hiyo?" rais akasema. "Ndogo kama hiyo ndiyo iliungua. Tumeshaona. Sasa tunaweka mwanaume."

"Mwanaume wenu atakula nini? Groupe ile?"

"We mama, nenda ukae na mugonjwa wako. Hapa iko kazi ya umeme."

Mufundi alikuwa anakaza bolti. Alikuwa mtu wa kimya, amezoea kelele za kinu.

Wakawasha. Groupe ilikuwa inaimba vizuri. Mufundi akabonyeza, na ile groupe ikainama kama mtu aliyepigwa tumboni. Moshi mweusi, taa ikawa nyekundu, kontakta, swichi ya kupeleka umeme kwenye moteri, ikapiga takatakataka, kisha dijonkteri, ile ya kukata umeme wote, ikaruka. Kimya. Wakarudia. Hivyo hivyo.

Moteri inapoanza kutoka kusimama inavuta mara sita, hata saba ya chakula chake cha kawaida. Ile ya kilowati kumi na moja chakula chake ni ampea ishirini na mbili. Zidisha mwenyewe. Groupe yetu ilikuwa ya ampea ishirini na nane au tisa. Haijalishi kwamba pompe inataka kilowati tano tu. Pale mwanzoni moteri haiulizi pompe, inauliza ukubwa wake yenyewe.

"Kinuni ilikuwa inaanzaje?" nikamwuliza mufundi.

"Kwa étoile-triangle," akasema. "Waya zinaanza zimefungwa étoile, kama nyota, inavuta theluthi moja. Ikishakimbia, zinageuka triangle, pembetatu."

"Sanduku lake la kuanzishia liko wapi?"

"Watu wa silaha walilipora. Walitaka shaba. Walituachia mlango."

"Basi hiyo moteri hapa haitaanza."

Rais akasema itaanza. Akaokota kijiti cha mti, akakinoa kwa kisu, na akaanza kukiingiza kwenye kontakta ili isiachie. Nimeona watu wakifanya hivyo mara nyingi. Ni dawa ya kwetu, kila mwenye kinu ana kijiti chake. Nilimshika mkono. Mzee yule angeweza kuwa baba yangu, na kwetu mwanamke hamshiki mzee mkono.

"Ukibana hiyo, dijonkteri itaruka. Halafu utabana na dijonkteri, nakujua. Halafu utaunguza groupe. Moteri tuko nazo mbili, baba. Groupe iko moja. Na relé ni nani aliyeigeuza?"

Akauvuta mkono wake.

"Nani aliigeuza? Bwana yangu aliiacha kwenye kumi na moja na nusu. Mimi niliona kwa macho."

"Ilikuwa inasumbua," akasema.

"Mtoto wangu anatapika maji kama ya mchele pale juu kwa sababu relé ilikuwa inakusumbua."

Nililisema bila kupaza sauti. Sikuwa na sauti ya kupaza. Mufundi akainama, akaanza kufungua bolti za lile jitu.

Ile ndogo ilikaa pale pale pa dada yake, mashimo yote yalilingana. Mufundi akafungua kisanduku cha waya na akaanza kupanga vibati vitatu vya shaba. Nikaona anavipanga wima, kila kimoja peke yake.

"Unafanya nini?"

"Triangle. Kama ya kinuni."

"Soma kibao."

Alipangusa kibao cha namba za moteri kwa kidole chenye mate. Ya kinuni iliandikwa 400/690. Hiyo kweli inakaa triangle kwenye umeme wetu wa volti mia nne. Hii iliandikwa 230/400. Waya zake ndani zimesukwa kwa mia mbili thelathini. Ukiiweka triangle, kila waya unakula mia nne, na harufu utaisikia kabla ya maji. Hii inakaa étoile, inaanza étoile na kufa étoile, vibati vyake vinalala kwa mstari mmoja. Alisoma mara mbili. Miaka yote alikuwa amefunga moteri moja tu, na mkono wake ulikuwa unajua njia ile moja.

"Pole, mama," akasema, akavilaza.

Nikarudisha kitufe cha relé kwenye kumi na moja na nusu. Nikamwambia rais azime taa zote na akate waya wa friji ya bureau ya kamati. Nikajaza pompe maji mpaka hewa ikaisha, kisha nikafunga vane, koki ya maji yanayotoka, kabisa, ili pompe isibebe mzigo inapoanza. Kuvuta kwa mwanzoni hakupungui kwa kufunga vane, lakini moteri inashika mbio upesi, na groupe inaumia kidogo tu. Kama ampea sabini, kwa sekunde moja au mbili. Nilifikiri itavumilia. Sikuwa na hakika. Kama haikuvumilia, sikuwa na kitu kingine, na maji ya hema yalikuwa ya mpaka asubuhi.

Mufundi akabonyeza. Groupe ikaguna, taa ya sanduku ikafifia, kontakta ikatetemeka mara moja na kushika. Kisha sauti ikapanda, ikatulia.

"Usifungue haraka," nikajiambia kwa sauti, na mtoto wa mgongoni akaamka akaanza kulia. Sikumnyonyesha. Nilikuwa nageuza vane robo kwa robo huku naangalia kipimo cha ampea. Sita. Saba na nusu. Tisa. Kumi. Kumi na nusu. Nikaacha hapo.

"Fungua yote!" rais akasema. "Maji kidogo hivi?"

"Na tundu la askari wako? Nikifungua yote itakimbia kumi na tatu, relé itakata, na wewe utaleta tournevis. Nenda uwaombe wazibe. Uko na koti, watakusikiliza."

Alikwenda. Sijui aliwaambia nini. Baada ya saa moja kipimo kikashuka mpaka tisa, peke yake, bila mimi kugusa kitu, na hapo nikajua tundu limezibwa na maji yanapanda kilimani. Nikafungua vane tena mpaka kumi na nusu.

Ndipo nikamnyonyesha mdogo, nimekaa juu ya lile jitu la kinuni.

Jioni, jua halijazama, muganga alimtuma mfagiaji wa hospitali, mwanamke mmoja mzee, aniite. Alisimama mlangoni, akapaza sauti kushinda mashini:

"Maji inatoka kwenye robinet! Na mtoto wako amekojoa!"

Mtoto wa kipindupindu akikojoa, ameanza kurudi.

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Lakini mingi! Ameniloweshea kitenge!"

Nilipaswa kufurahi. Nilisubiri furaha ije na haikuja. Nilichosikia ni moteri, na niliweka kiganja juu yake: moto, lakini moto wa kazi, mkono unakaa. Nikamwonyesha mufundi kipimo. Nikamwambia kikipita kumi na moja apunguze vane, asiguse relé, na mtu mwingine yeyote akigusa relé amvunje vidole. Akasema ndiyo, mama. Rais alikuwa amesharudi, amesimama pale. Nikanyoosha mkono, na akanipa ufunguo.

Nikapanda hospitalini. Kitanda kilichokuwa upande wa kulia wa mtoto wangu kilikuwa kimekunjwa. Asubuhi kulikuwa na mvulana wa Mboko pale; hakufika jioni. Mtoto wangu alinitazama, akasema kinywa chake kina chumvi. Nikampa kikombe kingine.