Ufunguo wa Uzi Mwekundu

Niliyoyaona kwa macho yangu ni kufuli moja, milango mitatu na ufunguo mmoja. Mengine niliambiwa, nami nitayataja kama maneno ya watu.

Nyumba yangu ya Nyamirambo ilikuwa na milango mitatu ya chuma ya kutokea nje: wa sebuleni, wa jikoni na wa ubavuni. Uani palikuwa na banda lililofungwa kwa kufuli. Mnamo 1991 fundi wa kufuli alizipanga silinda zote nne, yaani viini vinavyozungushwa na ufunguo, ziwe na pini za mpangilio mmoja, na ufunguo mmoja ukafungua kote. Nakala moja nilikaa nayo. Ya pili nilimpa mdogo wangu wa kike, mjane aliyepanga Kicukiro, upande mwingine wa jiji, na kuhifadhi makaa yake ya biashara bandani mwangu. Aliifunga uzi mwekundu akaivaa shingoni.

Mwaka 1993 mchele ulianza kupungua jikoni. Jirani akaniambia kwamba mdogo wangu amechongesha nakala nyingine na kumpa mwanamume. Jirani huyo hakuwa ameiona nakala hiyo. Naye alikuwa ameambiwa. Mimi, niliyefundisha vijana miaka thelathini wasiandike wasilolithibitisha, sikumuuliza mdogo wangu neno. Nilimwita fundi.

"Mzee, iko hivi," alisema, huku akimwaga pini za shaba juu ya kitambaa mezani kwangu. "Ufunguo mmoja kwa milango yote ni raha, lakini ukiuogopa mmoja, unabadilisha silinda zote. Na banda?"

"Banda alifungue. Makaa ni yake. Ila mimi sitaki kubeba funguo mbili."

"Basi wako utakuwa mkubwa, wake mdogo."

Milangoni alitoa pini za zamani, akaweka nyingine zilizolingana na ufunguo mpya peke yake. Kwenye kufuli la banda aliziacha za zamani, ila katika matundu mawili, pale funguo hizo mbili zilipotofautiana, aliongeza kipande chembamba cha pini juu ya ile ya chini. Hivyo kila safu ya pini iliweza kuachana pale kiini kinapozungukia kwa ufunguo wowote kati ya hizo mbili. Wangu ulifungua kote. Wa mdogo wangu ulifungua banda tu.

"Vipande hivi vinalegeza ulinzi kidogo," fundi alionya. "Na kumbuka, kufuli linafungwa kwa nje tu. Aliye ndani hana lake."

Nilicheka. Nani angetaka kujifungia na makaa?

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikuja na mvua. Nilimsikia akihangaika na mlango wa jikoni, nikamfungulia. Maji yalimtiririka usoni.

"Kaka, ufunguo wangu umezeeka, au mlango wako umenikana?"

"Nimebadilisha. Banda bado utalifungua."

Alijifuta uso. "Haya. Walio na watu wamepewa nyumba, mimi nimepewa makaa." Kisha akacheka, akaomba chai. Hakuniuliza sababu, nami sikumweleza.

Baada ya wiki mbili nilisogeza gunia la mchele. Nyuma yake panya walikuwa wametoboa tundu la kupitisha ngumi. Nilikusudia kumrudisha fundi amchongee mdogo wangu ufunguo mpya. Kazi ya nusu saa. Niliahirisha, kwa kuwa ningelazimika kusema kwa nini nilimnyima.

Februari 1994 nilikwenda Bukoba kwa binti yangu aliyekaribia kujifungua. Nilirudi Agosti.

Mtu mmoja aliniambia kwamba mdogo wangu alionekana Aprili, mauaji yalipoanza, akigonga mlango wangu. Mwingine aliapa kwamba alivuka kwenda Burundi. Wote wawili walisimuliwa na wengine. Siwezi kuthibitisha maneno ya hata mmoja, wala sitasema kwamba milango ya chuma ingemwokoa. Hilo pia silijui.

Najua nilichokikuta. Milango mitatu ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha. Kufuli la banda lilining'inia wazi kwenye pete yake, na ufunguo wa uzi mwekundu ulikuwa ndani yake, kwani kufuli lile haliuachii ufunguo mpaka lifungwe. Ndani, magunia ya makaa yalikuwa yamesogezwa yakaacha nafasi ya mtu mmoja kulala. Palikuwa na kidumu kitupu na kitenge ninachokifahamu. Magunia mengine mawili yalikuwa yamevutwa hadi karibu na mlango, kana kwamba mtu alitafuta cha kuuzuilia kwa ndani.

Nilifunga kufuli, nikautoa ufunguo. Nikaupeleka mlango wa jikoni, kisha wa ubavuni, kisha wa sebuleni. Katika kila tundu uliingia mpaka mwisho. Haukugeuka.