Modemu Kwanza

Stima iliporudi Makongeni, Gathoni alizima soketi ya ukutani, akaiwasha tena kwa hasira. Modemu na ruta zikaamka pamoja. Taa za ruta ziliwaka, lakini intaneti haikuja, na saiba yao, duka la intaneti la yeye na mwenzake, ilikuwa imejaa wateja.

"Ngai! Hii takataka itaniua!"

Emmaculate, mwenzake wa biashara, alichomoa zote mbili, akatulia kidogo, akachomeka modemu peke yake. Kisha akakaa, akaanza kumenya chungwa.

"Emma, chomeka na ruta basi!"

"Ruta inaomba anwani ya mtandao kupitia modemu. Ikiomba kabla modemu haijashika laini, inarudi mikono mitupu. Wacha iamke kwanza."

Ndivyo alivyokuwa Emma. Hata wateja wa kujaza ritani za kodi siku ya mwisho hawakuweza kumharakisha. Taa ya intaneti kwenye modemu ilipoacha kupepesa, ndipo akachomeka ruta. Kompyuta zote zikashika mtandao.

Jioni stima ikapotea tena, ikarudi. Gathoni alichomoa zote, akachomeka modemu, akakalia mikono yake isije ikachomeka ruta mapema.

"Emma," akauliza, "machungwa yamebaki?"